Chati haina majina wala namba: maelezo yako yanaharibikia wapi na unayarekebishaje

Hii ni kwa wale mnaoandika maelezo ya picha kwa ajili ya msomaji asiyeona, anayesomewa na simu yake, na pia kwa yeyote anayeulizwa kwenye simu "hiyo chati uliyotumiwa inaonesha nini?" alafu inabidi ajibu kwa mdomo. Chati yenye kichwa, namba pembeni na majina chini haina shida sana, unasoma kilichoandikwa basi. Inayotutesa ni ile skrinshoti iliyokatwa, mtu kaikata juu kichwa kikabaki huko, chini majina yakabaki huko, imebaki michoro tu inaelea kwenye weupe. Hapo ndo watu wanaanza kuandika vitu ambavyo hawakuviona, na wala hawadanganyi kwa makusudi, jicho lenyewe linakimbia kwenye maana kabla halijamaliza kutazama.

Mimi nahakiki maelezo ya namna hii na makosa ninayokutana nayo ni yaleyale yanajirudia, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Tafuta dalili inayofanana na maelezo yako, anza na sababu ya kwanza manake ndo inayotokea mara nyingi, ukiona sio hiyo shuka chini.

Tutumie picha moja mwanzo mpaka mwisho ili tusichanganyikiwe. Picha ya nguzo 12, zote bluu ileile, zimesimama juu ya mstari mweusi mmoja mlalo. Hakuna neno hata moja, hakuna namba, hakuna mstari wa kushoto wenye vipimo. Nguzo ya 4 kutoka kushoto ndo ndefu kuliko zote, ya 5 inaifuata, ya 7, 8 na 9 ni fupi sana, alafu ya 11 na ya 12 zinainuka tena. Imetumwa kwenye grupu bila maelezo na faili linaitwa `IMG-20240512-WA0003.jpg`.

Ukiionesha kwa mtu aliyekulia ukanda wa pwani atakwambia papohapo: mvua za Dar, masika hayo, vuli hizo. Na anaweza kuwa sahihi kabisa! Shida ni kwamba hakuna kwenye picha kitu kinachosema hivo.

DALILI 1: Maelezo yanataja kitu ambacho hakijaandikwa popote kwenye picha

Mfano: "Chati inaonesha mvua kwa kila mwezi Dar es Salaam mwaka 2024." Sentensi moja, makisio manne ndani yake: mvua, mwezi, Dar, 2024.

Kipimo cha haraka kabla ya yote: chukua kila jina la kitu kwenye sentensi yako, weka kidole kwenye picha pale lilipo. "Nguzo", kidole kina pa kukaa. "Bluu", kipo. "12", unazihesabu moja moja. "Mvua", kidole hakina pa kutua, basi neno hilo limetoka kichwani mwako sio kwenye picha. Usilifute bado, litoe tu hapo ulihamishie chini kwenye sehemu ya makisio, tutafika.

Sababu ya kwanza, hii ndo kubwa: umbo linafanana na kitu unachokijua. Vilima viwili, kimoja kikubwa mwanzoni mwa mwaka na kingine kidogo mwishoni, ni umbo la mvua za sehemu zenye misimu miwili. Ila angalia, hata tukikubali kwamba ni mvua, Nairobi nayo kilele chake kiko Aprili na inainuka tena Novemba, kwa hiyo umbo hili peke yake haliwezi kukutofautishia Nairobi na Dar. Linaweza kukusaidia kuitoa Dodoma, manake kule msimu wa mvua ni mmoja tu, unaanza mwishoni mwa mwaka na kuishia kama Aprili. Na bado kuna vitu vingine vinavyofuata mvua bila kuwa mvua, kwa mfano wagonjwa wa malaria kwenye maeneo mengi huongezeka baada ya mvua kunyesha. Vilima viwili vipo, lakini sio milimita za maji.

Sababu ya pili: kuamua kwamba nguzo 12 ni miezi 12, na kwamba ya kwanza ni Januari. Hii inapita bila mtu kuishtukia kabisa. Nguzo 12 zinaweza kuwa matawi 12 ya duka, mashine 12 za kiwandani, madarasa 12. Na hata kama ni miezi kweli, Tanzania, Kenya na Uganda mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na ripoti nyingi za ofisini zinachorwa hivo. Ukianzia Julai, nguzo ya 4 sio Aprili tena, ni Oktoba, na zile fupi za 7, 8 na 9 zinakuwa Januari, Februari na Machi. Hadithi yote ya masika inavunjika kwa kuhamisha tu mwezi wa kuanzia. Ndo maana nasisitiza andika "nguzo ya 4 kutoka kushoto", usiandike "Aprili".

Sababu ya tatu: rangi. Bluu inamvuta mtu kufikiria maji. Lakini bluu ndo rangi ambayo Excel kwa miaka mingi imekuwa ikiweka yenyewe kwenye mchoro wa kwanza kama hujachagua kitu, na matplotlib, ile ya wanaotumia Python, nayo inaanza na bluu (`#1f77b4`) alafu chungwa. Yani mara nyingi bluu maana yake ni kwamba mchoraji hakugusa rangi. Nyekundu na kijani ndo hatari zaidi manake tumezoea nyekundu ni hasara na kijani ni faida, wakati kwenye skrini za soko la hisa la China bara ni kinyume, nyekundu ni bei kupanda. Na kipindi cha uchaguzi mtu akiona nguzo ya kijani na njano tayari keshasema CCM. Kwenye maelezo rangi inabaki kuwa jina la rangi, mpaka uone ufunguo unaosema rangi hiyo ni nini.

Sababu ya nne, ndogo ila inakera: jina la faili. Zile namba `20240512` sio mwaka wa data, ni tarehe ambayo picha ilipita WhatsApp. Mtu anaweza kutuma leo chati ya mwaka 1998. Wengine wanaenda mbali zaidi wanasoma taarifa zilizofichwa ndani ya faili kwa amri hii:

```
exiftool IMG-20240512-WA0003.jpg
```

Sio vibaya kujaribu, lakini picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida inakuwa imebanwa upya na taarifa nyingi za asili zimeondolewa, utakachopata ni upana na urefu wa picha na vitu vya namna hiyo. Ukiweza kupata faili la asili kwa aliyelitengeneza ndo amri hii ina faida.

Dawa ya dalili hii ni kugawa maelezo mafungu matatu na kuyataja kwa majina ili msomaji ajue yuko wapi: kinachoonekana, kilichosemwa nje ya picha, na ninachokisia. Hilo fungu la katikati watu wanalisahau. Aliyetuma akiandika chini "mvua hizi jamani", hilo sio la kuonekana na wala sio kisio lako, ni dai la aliyetuma, basi andika hivohivo, "aliyetuma amesema ni mvua". Msomaji ataamua mwenyewe anamwamini kiasi gani.

Mpangilio nao una uzito. Usianze na kisio hata kama umelitenga vizuri. Msomaji asiyeona anasikia sentensi moja baada ya nyingine, akisikia "huenda ni mvua" kwanza, kila nguzo utakayomwelezea baadaye ataisikia kama mvua na hawezi kurudi kuitazama picha upya kama wewe.

DALILI 2: Kuna namba kwenye maelezo ila hakuna namba kwenye picha

Mfano: "Nguzo ndefu ni kama 250, ya 11 ni kama 125." Au kwa asilimia: "imepungua kwa nusu."

Sababu ya kawaida ni kwamba mtu kakadiria kwa macho alafu kasahau kwamba alikadiria. Hii rahisi, uliza tu namba hii nimeisoma wapi. Kama hujaisoma, ifute au uipime kweli.

Kupima inawezekana na ni kazi halali, ila ujue unapima nini. Fungua picha kwenye Paint, sogeza kishale juu ya picha, chini ya dirisha utaona namba mbili zinabadilika, ya kwanza ni umbali kutoka kushoto na ya pili ni umbali kutoka JUU. Hapo kwenye kutoka juu ndo wengi wanakwama, kadri unavyoshuka namba inakua, kwa hiyo nguzo ndefu ncha yake ina namba ndogo. Soma mstari wa chini, soma ncha ya nguzo, toa. Kwenye picha yetu mstari wa chini uko 360, ncha ya nguzo ya 4 iko 110, ncha ya nguzo ya 11 iko 235:

```
nguzo ya 4:   360 - 110 = 250
nguzo ya 11:  360 - 235 = 125
250 / 125 = 2
```

Kama huna kompyuta weka rula kwenye skrini ya simu upime kwa milimita, uwiano utatoka karibu uleule, angalia tu usibadilishe zumu katikati ya kupima.

Sasa hizi 250 na 125 ni pikseli. Sio milimita za mvua, sio shilingi, sio watu. Unachoruhusiwa kusema ni "kwenye picha, nguzo ya 11 ina nusu ya kimo cha nguzo ya 4". Basi, hapo simama kwanza, manake kutoka kimo kwenda thamani kuna mlango mmoja ambao huna ufunguo wake: je mstari wa chini ni sifuri?

Hii ndo sababu ya pili ya namba mbovu na ni ya ndani kidogo. Ukisema "thamani ni nusu" umeshaamua kwamba chini ni sifuri. Tuseme mchoraji alianzia 100 badala ya sifuri, na kila pikseli ni moja. Nguzo ya 4 inakuwa 350 na ya 11 inakuwa 225. Gawanya, inatoka kama 1.56, yani mara moja na nusu hivi, sio mara mbili. Picha ni ileile, hakuna kilichohama hata pikseli moja. Na kama vipimo vya pembeni vilikuwa vya kuzidisha, yani kila hatua sawa ya kupanda ni mara 10 ya iliyopita, kama zile grafu za maambukizi tulizoziona wakati wa korona, basi tofauti ya kimo inaweza kuwa mara mamia. Unaposema nusu ya kimo uko salama. Unaposema nusu ya thamani umekisia, na kisio hilo linatakiwa lionekane kwamba ni kisio.

Sababu ya tatu ni picha yenyewe kuchoka. Picha ya jpg iliyotumwa na kutumwa tena inakuwa na ukungu kwenye kingo, ncha ya nguzo haikati moja kwa moja, kuna pikseli mbili tatu za kijivubluu ambazo hujui ni za nguzo au za weupe. Kwenye nguzo ya pikseli 250 kosa la pikseli 3 ni dogo, kama asilimia 1. Kwenye nguzo ya 25 ni asilimia 12! Nguzo ya 7, 8 na 9 mimi nilizipima nikapata 25, 24 na 23, na ukiangalia vibaya unaweza kuandika kwa furaha "inapungua taratibu kutoka ya 7 mpaka ya 9". Hapana. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ukungu wenyewe. Andika "zinakaribiana, haiwezekani kusema ipi ni fupi zaidi" na hiyo ndo sentensi ya kweli hata kama haipendezi.

Chati ya duara hapa iogope zaidi. Jicho la mtu linalinganisha vimo vilivyosimama juu ya mstari mmoja vizuri kuliko linavyolinganisha pembe na maeneo, watafiti Cleveland na McGill walilionesha hilo kwa majaribio tangu 1984. Kipande cha duara kikiwa karibu na robo, sema "karibu na robo", usiandike asilimia 23.

DALILI 3: Vitenzi vinasimulia hadithi

"Imeporomoka." "Imerudi kwa nguvu." "Ilidorora katikati ya mwaka." "Baada ya kufika kilele ikashindwa."

Unaweza kuwa umeshaondoa majina yote na namba zote, sentensi inaonekana safi, kumbe kisio limejificha kwenye kitenzi.

Sababu inayoongoza: vitenzi vya wakati. Kupanda, kushuka, kuporomoka, kurudi, vyote vinadai kwamba kushoto ni zamani na kulia ni baadaye. Kama zile nguzo ni matawi ya duka, hakuna kilichoshuka, ni tawi la Tanga tu limeuza kidogo kuliko la Morogoro, na mchoraji angeweza kuyapanga vyovyote. Kwa nguzo ambazo hazina majina mimi natumia vitenzi vya kukaa tu: ni ndefu, ni fupi, inafuata, zinakaribiana. "Nguzo ya 5 ni fupi kuliko ya 4." Imekaa vizuri na haijadai chochote cha saa wala kalenda.

Kwenye mstari uliounganishwa (ile grafu ya mstari unaokwenda kama njia) unaweza kulegeza kidogo, "ukifuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia, unainuka mpaka kama theluthi ya kwanza ya upana wa picha, alafu unateremka". Hapo unaongelea safari ya jicho, na umesema wazi ni kutoka wapi kwenda wapi. Mtu anayechora mstari uliounganishwa mara nyingi anamaanisha mpangilio fulani, wakati au umbali au joto, ila ni upi bado hujui.

Sababu ya pili: hukumu. "Matokeo mabovu", "hali imeboreka". Nguzo fupi ni mbaya kama ni mavuno na ni njema kama ni vifo vya watoto. Bila kujua kinachopimwa huwezi kujua upande mzuri ni upi, kwa hiyo neno lolote la uzuri na ubaya ondoa.

Sababu ya tatu, "kutokana na", "kwa sababu ya", "ilisababishwa na". Hizi hata kwenye chati yenye majina yote zinahitaji ushahidi mwingine, kwenye isiyo na majina usijadili, futa.

Jaribio moja zuri la kitenzi: msomee mwenzio sentensi yako bila kumwonesha picha, muulize "unadhani chati hii inahusu nini?" Akijibu kitu mahususi kwa uhakika, "si mambo ya biashara hayo", wakati kwenye fungu la kinachoonekana hujataja biashara, basi kuna kitenzi kimevujisha. Kitafute.

DALILI 4: Unaijua kabisa hiyo chati, ushaiona mahali

Hii ni ngumu kuliko zote kwa sababu unaweza kuwa sahihi na bado maelezo yakawa mabaya.

Mfano mzuri ni mstari wenye meno kama msumeno unaopanda kuelekea kulia. Waliosoma habari za tabianchi wataruka: hiyo ni kaboni dayoksaidi ya Mauna Loa, Hawaii, vipimo alivyovianzisha Charles David Keeling mwaka 1958. Meno ni kwa sababu mimea ya kaskazini mwa dunia inavuta hewa hiyo wakati wa kiangazi chao na kuiachia majira ya baridi. Yote kweli. Lakini mauzo ya duka linalokua, lenye msimu mmoja wa sikukuu kila mwaka, nayo yanachora msumeno unaopanda.

Kinachofanyika mara nyingi ni mtu kuleta namba kutoka kumbukumbu: anaandika "inaanzia chini kidogo ya 320 mwaka 1958" wakati picha haina 320 wala 1958. Hata kama kweli ndo chati hiyo, pengine iliyoko mbele yako ni kipande chake cha kuanzia 1990, au ni kituo kingine kabisa. Maelezo yanakuwa ya chati iliyoko kichwani.

Cha kufanya kwanza, hesabu meno. Jino moja ni mwaka mmoja kama kisio lako ni sahihi, kwa hiyo chati ya kutoka 1958 mpaka 2020 inatakiwa iwe na meno sitini na kitu. Umehesabu 20? Basi sio chati nzima unayoifikiria. Umehesabu 61 au 62? Kisio limepata nguvu, bado ni kisio. Pili, tafuta picha yenyewe kwa Google Lens au TinEye, ukipata iliyo kamili yenye majina linganisha maumbo jino kwa jino, sio kwa kuangalia juujuu. Ikilingana, andika kwenye fungu la nje ya picha: "picha inayolingana na hii ipo mahali fulani na hapo imeandikwa hivi". Sasa una chanzo, hujabaki na kumbukumbu peke yake.

Na kwenye kisio lenyewe andika vitu vitatu: unachodhani, kitu gani kwenye picha kimekufanya udhani, na kitu gani kikionekana kitakuvunja. Kisio lisilokuwa na cha kulivunja msomaji hawezi kulifanyia kazi yoyote.

DALILI 5: Maelezo yamejaa "huenda" mpaka hayasemi kitu

Hii inakuja kwa watu waliokosolewa sana kwenye dalili ya 1. "Inaonekana kama huenda kuna nguzo kadhaa ambazo pengine ni za bluu." Jamani, nguzo zipo 12 na ni bluu, umeziona kwa macho yako, zisemee! Kutia shaka kwenye kitu unachokiona ni uongo pia, msomaji anaondoka akidhani picha haionekani vizuri wakati inaonekana.

Sababu kubwa ni kwamba mtu hajatenga mafungu kwa hiyo shaka inamwagika kote. Ukitenga, tatizo linaisha karibu lenyewe: maneno ya shaka yanakaa fungu la makisio tu, fungu la juu linakuwa la sentensi nyoofu. Sababu nyingine ni uvivu wa kuhesabu, "nguzo kadhaa" mara nyingi maana yake mtu hakuhesabu. Hesabu, mara mbili, mara ya pili anzia kulia.

Shaka halali fungu la juu ni ya macho tu: "kona ya chini kulia kuna maandishi yenye ukungu, hayasomeki". Hiyo andika, ni taarifa ya maana sana, na usijaribu kuyasoma kwa kubahatisha.

Sasa picha yetu ikipita kwenye yote hayo inatoka hivi:

*Kinachoonekana: Chati ya nguzo 12 za rangi moja ya bluu, zimesimama juu ya mstari mweusi mlalo. Hakuna kichwa, namba, majina wala ufunguo wa rangi. Nguzo ya 4 kutoka kushoto ni ndefu kuliko zote. Zinafuata ya 5, kisha ya 3. Nguzo ya 7, 8 na 9 ni fupi kuliko zote na zinakaribiana mno kuweza kuzipanga. Ya 11 na ya 12 ni ndefu kuliko ya 10. Kimo cha ya 11 kwenye picha ni nusu ya kimo cha ya 4. Haijulikani kama mstari wa chini ni sifuri.*

*Nje ya picha: Imetumwa bila maelezo. Jina la faili lina tarehe 12 Mei 2024, ambayo ni ya kupita WhatsApp.*

*Ninachokisia: Inaweza kuwa mvua kwa mwezi sehemu yenye misimu miwili, kwa sababu nguzo ni 12 na zina vilima viwili, kikubwa ya 3 mpaka ya 5 na kidogo ya 11 na 12. Hii inategemea nguzo ya kwanza iwe Januari. Ikiwa mpangilio unaanzia Julai, au nguzo sio miezi, kisio hili halisimami.*

Kama nafasi ni ndogo, mfano sehemu ya maelezo mbadala inataka sentensi mbili tu, kata kuanzia chini: makisio yanaondoka kwanza, vimo vya katikati vinafuata. Sentensi ya "hakuna kichwa, namba wala majina" haikatwi kamwe, manake bila hiyo msomaji atadhani wewe ndo umesahau kumsomea.

WAPI USIMAME NA UMTAFUTE MWENYE UTAALAMU

Karatasi ya ECG, ile ya umeme wa moyo. Kawaida inakwenda milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kikubwa ni sekunde 0.2, na watu wamejifunza mtandaoni kuhesabu mapigo kwa visanduku. Lakini mashine inaweza kuwekwa milimita 50 kwa sekunde, na kama picha imekatwa pale pembeni palipoandikwa mwendo, moyo unaopiga 80 utausoma 40. Mtu atakimbizwa hospitali bure, au mgonjwa kweli ataambiwa yuko sawa. Eleza kwamba ni mstari wa mawimbi juu ya karatasi ya visanduku, sema mwendo haujaandikwa, na mwambie aliyekuuliza aipeleke kwa daktari au arudi pale ilipopimwa apewe karatasi nzima. Usihesabu mapigo, na usikubali kubembelezwa, hata kama anayekuuliza ni mama yako mdogo na ana wasiwasi.

Mistari ya kadi ya kliniki ya mtoto ni vilevile. Mistari iliyopinda inafanana kwa uzito, urefu na mzingo wa kichwa, na ya wavulana na wasichana inatofautiana, ukikosea mstari umemwambia mzazi mwanae ana utapiamlo. Muuguzi wa kliniki ana kadi nzima, aende kwake.

Chati inayokwenda mahakamani, polisi, kwenye madai ya bima au inayotumika kumshawishi mtu atoe pesa zake kuwekeza: usiandike fungu la makisio kabisa. Andika kinachoonekana, andika kilichosemwa na nani, ishia hapo, na omba faili la asili pamoja na jedwali la namba zilizochorwa. Mtu anayekuonesha mstari unaopanda bila namba pembeni na hataki kutoa jedwali, hilo nalo liandike kwenye fungu la pili kama lilivyotokea: "ameombwa jedwali tarehe fulani, hajalitoa".